Aqua ni Maji, Parfum ni Manukato: Jinsi ya Kusoma Lebo ya Losheni Kabla ya Kulipa

Katika maduka ya Kaloleni, Mariakani na Malindi, chupa ya losheni hujiuza kwa upande wake wa mbele. Huko ndiko kuna picha ya dafu lililopasuliwa, ua lililochanua au mtoto anayecheka. Lakini kilichomo ndani kimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, chini ya neno “Ingredients”. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama. Orodha huanza na Aqua, katikati hukaa Parfum, na karibu na mwisho huja Tocopherol. Si Kiswahili, na hata msomaji mzuri wa Kiingereza hayajui yote.

Kwa sababu hiyo mnunuzi huamua kwa njia mbili. Wengine huamini picha na kulipa zaidi. Wengine huona majina marefu, wakadhani yote ni kemikali mbaya, na kurudisha chupa mahali pake. Njia zote mbili zinaweza kumpotosha mtu. Makala haya yanaeleza orodha moja ya losheni, jina kwa jina, ili mkazi aweze kuisoma nyingine yoyote akiwa amesimama mbele ya kaunta.

Chupa mbili kwenye rafu moja

Tuseme mama mmoja anamtafutia losheni mtoto wake wa miaka mitatu, ambaye ngozi yake ni kavu na humwasha usiku. Dukani anaonyeshwa chupa mbili za mililita 400. Ya kwanza ina picha ya dafu na maneno yanayosema ina mafuta ya nazi na vitamini E. Ya pili haina picha yoyote, na bei yake iko chini kwa shilingi 100. Anapogeuza chupa ya kwanza anakuta orodha kama hii:

Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin, Stearic Acid, Cetearyl Alcohol, Triethanolamine, Dimethicone, Phenoxyethanol, Parfum, Cocos Nucifera Oil, Tocopherol, Limonene, Linalool.

Chupa ya pili ina majina yale yale kuanzia Aqua hadi Phenoxyethanol, kisha orodha inaishia hapo. Orodha hizi ni za mfano na hazikutoka kwa kampuni yoyote, lakini zimepangwa kama zile ambazo mkazi atazikuta dukani. Swali la mama huyo ni moja: hiyo shilingi 100 ya ziada inanunua nini?

Kwa nini majina si ya kawaida

Watengenezaji wa vipodozi katika nchi nyingi hutumia utaratibu mmoja wa majina unaofahamika kwa kifupi kama INCI. Lengo lake ni kuwa kitu kimoja kiwe na jina moja, iwe chupa imetoka Nairobi, Dubai, Mumbai au Paris. Daktari anayemtibu mtu mwenye mzio anaweza kutafuta jina hilo moja kwenye chupa yoyote.

Katika utaratibu huo vitu vya kawaida kama maji huandikwa kwa Kilatini, na Aqua ni neno la Kilatini lenye maana ya maji. Mimea pia huandikwa kwa majina yake ya Kilatini. Cocos Nucifera ni mnazi, ule ule ulio nyuma ya nyumba. Parfum ni neno la Kifaransa lenye maana ya manukato. Kwenye chupa nyingine maneno hayo huandikwa kwa Kiingereza, yaani Water na Fragrance, na maana haibadiliki.

Kwa hiyo ugeni wa jina hauelezi chochote kuhusu ubaya wa kitu. Sodium Chloride kwenye jeli ya kuogea ni chumvi ya mezani, inayotiwa ili jeli iwe nzito. Citric Acid ni ile asidi inayoyafanya maji ya ndimu yawe makali. Kinachofaa kuulizwa kwa kila jina ni mambo mawili: ni kitu gani, na kiko kwa kiasi gani.

Mpangilio wa majina ndio kipimo

Kiasi hakiandikwi kwa tarakimu, lakini mpangilio unakionyesha. Kitu kilicho kingi zaidi kwa uzito huandikwa kwanza, kinachofuata kwa wingi huandikwa cha pili, na kuendelea hivyo. Kanuni hiyo huenda mpaka vitu vinavyofikia asilimia 1 ya uzito wote. Vitu vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote atakavyo mtengenezaji, mradi vije baada ya vile vingine. Rangi, ambazo mara nyingi huandikwa kwa herufi CI na tarakimu, huweza kuwekwa mwishoni kabisa.

Hapa ndipo mnunuzi anahitaji kujua ni wapi katika orodha ule mstari wa asilimia 1 unapita. Haukuchorwa, lakini kuna jina linaloufichua. Phenoxyethanol ni kihifadhi, yaani kitu kinachozuia vijidudu kuota ndani ya chupa. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kihifadhi hicho kuzidi asilimia 1. Katika losheni iliyotengenezwa kwa kipimo hicho, kila kilichoandikwa baada ya Phenoxyethanol nacho hakizidi asilimia 1. Iwapo chupa haina jina hilo, mnunuzi anaweza kutafuta Methylparaben, kihifadhi kingine ambacho huko huko Ulaya kikitumiwa peke yake hakiruhusiwi kupita asilimia 0.4.

Sasa turudi kwenye chupa yenye picha ya dafu. Cocos Nucifera Oil, yaani mafuta ya nazi, imeandikwa baada ya Phenoxyethanol. Chupa ya mililita 400 ina takriban gramu 400 za losheni, na asilimia 1 ya gramu 400 ni gramu 4. Hicho ndicho kiasi cha juu kabisa cha mafuta ya nazi kinachoweza kuwemo, na hakijazi hata kijiko kimoja cha chai. Kinaweza kuwa pungufu zaidi ya hapo, kwa kuwa orodha haimlazimishi mtengenezaji kutia zaidi ya tone.

Mtengenezaji hakusema uongo. Mafuta ya nazi yamo kweli. Lakini mama aliyeichagua chupa hiyo kwa ajili ya nazi amenunua kijiko kisichojaa, huku mkazi wa Kaloleni anayekuna nazi, kukamua tui na kulipika mpaka maji yote yaishe akipata mafuta ya nazi matupu. Mafuta hayo ya nyumbani huganda asubuhi yenye baridi, joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Losheni hii haitaganda hivyo, kwa sababu mafuta yaliyo mengi ndani yake si ya nazi.

Kila jina lina kazi yake

Ukiisoma orodha kuanzia juu, utaona kwamba majina hayo yanategemeana. Moja huitwa kwa sababu ya lile lililotangulia.

Aqua iko mwanzo kwa sababu losheni nyingi ni maji zaidi ya nusu. Huo si wizi. Maji ndiyo yanayoifanya losheni iwe nyepesi na ienee mwilini. Ila ni vizuri mnunuzi ajue kwamba katika chupa ya gramu 400, zaidi ya gramu 200 huwa ni maji.

Paraffinum Liquidum ni mafuta meupe yasiyo na harufu yanayotokana na petroli na kusafishwa. Ndiyo mafuta makuu katika chupa zote mbili za mfano wetu, na ndiyo yanayouzwa peke yake kama mafuta mepesi ya kupaka watoto. Ndugu yake mzito ni Petrolatum, yale mafuta ya mgando yanayojulikana katika kila nyumba. Kazi ya mafuta haya ni kufunika ngozi ili maji yaliyomo ndani yake yasikauke. Glycerin, au glisirini, hufanya kazi tofauti: huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Kwa ngozi kavu ya mtoto, majina haya mawili ndiyo yanayofanya kazi kubwa, na yamo kwenye chupa zote mbili.

Maji na mafuta hayachanganyiki. Kwa hiyo majina matatu yanayofuata yapo ili kuyashikanisha. Stearic Acid na Triethanolamine zikikutana hutengeneza sabuni kidogo ndani ya losheni, na sabuni hiyo hushika mafuta na maji pamoja, kama inavyofanya kwenye sufuria yenye mafuta. Cetearyl Alcohol huifanya losheni iwe nzito. Jina hili huwatia watu wengi shaka kwa sababu ya neno “Alcohol”, hasa wale ambao dini yao inakataza pombe, na wale walioambiwa kwamba spiriti hukausha ngozi. Kitu chenyewe ni nta nyeupe ya kulainisha. Hakileweshi na hakikaushi. Spiriti yenyewe huandikwa Alcohol au Alcohol Denat., bila neno lingine mbele yake. Dimethicone ni aina ya silikoni inayofanya ngozi iteleze na losheni isinate.

Palipo na maji pana vijidudu, na ndiyo sababu Phenoxyethanol imo. Losheni yenye maji isiyo na kihifadhi chochote inaweza kuota ukungu au bakteria ndani ya siku chache katika joto la pwani. Mafuta ya mgando hayana maji, na kwa hiyo orodha yake inaweza kuwa fupi sana, hata jina moja tu la Petrolatum. Mkazi anayetaka majina machache anaweza kuanzia hapo.

Mafuta nayo yana adui wake, ambaye ni hewa. Mafuta ya mimea yakikaa na hewa huchacha na kutoa harufu kama ya karanga za zamani. Hapo ndipo Tocopherol inapoingia. Hii ni vitamini E. Iligunduliwa mwaka 1922 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Herbert Evans na Katharine Bishop, walipoona kwamba panya waliokosa kitu fulani katika chakula walishindwa kuzaa. Jina lenyewe limeundwa kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuleta uzazi. Katika chupa ya losheni kazi yake ya kwanza ni kuwahi kushambuliwa na hewa kabla ya mafuta, ili mafuta yakae muda mrefu bila kuchacha. Kiasi kidogo sana kinatosha kwa kazi hiyo.

Basi lile neno la vitamini E upande wa mbele linaweza kumaanisha tu kwamba mafuta yamewekewa mlinzi. Linapokuwa mkiani mwa orodha kama hapa, si sababu ya kulipa zaidi. Jina linalofanana nalo, Tocopheryl Acetate, ni vitamini E iliyobadilishwa ili isiharibike upesi. Hiyo hutiwa kwa ajili ya ngozi, na kanuni ya kuangalia nafasi yake kwenye orodha ni ile ile.

Parfum: neno moja, vitu vingi

Majina yote yaliyotangulia ni ya kitu kimoja kimoja. Parfum ni tofauti. Ni jina la mchanganyiko, na ndani yake mnaweza kuwa na vitu kumi au hata zaidi ya hamsini. Watengenezaji huruhusiwa kuvifunika vyote kwa neno hilo moja kwa sababu mseto wa harufu ni siri ya biashara yao. Mara nyingi ndiyo inayoipa losheni ya nazi ile harufu ya nazi, kwa kuwa mafuta kidogo kama yale ya mfano wetu hayawezi kunukia kiasi hicho.

Kwa watu wengi manukato hayana shida. Lakini ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi unaotokana na vipodozi. Dalili zake ni mwasho, wekundu ambao kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliokoza au rangi ya zambarau, vipele vidogo, na baadaye ngozi kukauka na kubabuka. Mara nyingi hautokei siku ile ile. Huweza kuchukua siku moja hadi tatu baada ya kupaka, na ndiyo maana mzazi hudhani ni chakula au joto.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka watengenezaji wataje baadhi ya vitu vya manukato vinavyojulikana kuleta mzio, hata kama vimo ndani ya Parfum. Kwa losheni inayobaki mwilini, kitu hicho hutajwa kikizidi asilimia 0.001. Kwa sabuni na vitu vinavyooshwa, kikizidi asilimia 0.01. Ndiyo sababu orodha ya chupa yetu inaishia na Limonene na Linalool. Limonene ni harufu iliyomo kwenye maganda ya machungwa na ndimu. Linalool imo kwenye mrihani na maua mengi. Nyingine zinazoonekana mara kwa mara ni Eugenol, harufu ya karafuu, na Citral, harufu ya mchaichai. Zote hizi zinapatikana kwenye mimea, na bado zinaweza kumwasha mtu. Neno “asili” kwenye chupa halimkingi mwenye mzio.

Sasa mama yetu anaweza kujibu swali lake. Chupa mbili zinatofautiana kwa majina matano tu: kijiko kisichojaa cha mafuta ya nazi, ulinzi wa mafuta hayo, manukato, na vitu viwili vya manukato vilivyotajwa kwa sababu ya mzio. Kwa mtoto ambaye ngozi yake tayari inamwasha, chupa isiyo na picha ndiyo inayofaa zaidi, na ndiyo ya bei nafuu.

Mnunuzi anayekwepa manukato asitosheke na neno “Unscented” mbele ya chupa. Neno hilo linasema tu kwamba bidhaa hainukii, na wakati mwingine manukato kidogo hutiwa ili kuua harufu ya viungo vingine. Maneno “Fragrance free” ndiyo yanayosema kwamba manukato hayakutiwa. Uthibitisho ni kuangalia nyuma kama Parfum au Fragrance imo.

Kabla ya kupaka losheni mpya mwili mzima, ijaribiwe kwanza. Pakwe kiasi kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mahali pale pale, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Pakibaki salama, losheni inaweza kutumika. Pakiwasha au kutoa vipele, paoshwe na losheni iachwe. Mtu aliyepata mwasho kwa losheni mbili au tatu tofauti azilinganishe orodha zake na kupigia mstari jina linalojirudia, kisha aende na chupa hizo kwenye kituo cha afya. Chupa zenyewe zitamsaidia mhudumu kuliko maelezo ya rangi na harufu.

Majina yasiyofaa kuwemo

Hadi hapa suala limekuwa fedha na mwasho. Kuna majina mengine ambayo suala lake ni afya ya familia nzima, na hupatikana zaidi kwenye krimu na sabuni za kubadilisha rangi ya ngozi.

Jina la kwanza ni Hydroquinone. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye kemikali hii. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya rangi ya bluu na nyeusi usoni, yaani kinyume cha kile mtu alichokinunua. Madoa hayo ni magumu sana kutoka.

La pili ni zebaki, ambayo pia imepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Kwenye lebo haiandikwi kila mara Mercury. Huweza kuandikwa Calomel, Mercurous Chloride, Mercuric Iodide, Ammoniated Mercury au Mercurio. Ishara nyingine ni onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha, aluminiamu au vito. Onyo hilo lipo kwa sababu zebaki hushambulia metali, na mnunuzi akiliona asichukue krimu hiyo. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu. Tena haibaki kwa aliyejipaka. Hupanda hewani kama mvuke, hushika kwenye taulo na mashuka, na mtoto anayelazwa kwenye shavu au kifua cha mama huipata bila kupakwa.

La tatu ni dawa za jamii ya steroidi, kama vile Clobetasol Propionate na Betamethasone. Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi zikitolewa na daktari kwa muda maalumu. Zikipakwa kila siku kama losheni hufanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane, michirizi itokee na fangasi kuenea. Mtu akiacha ghafla ngozi huweza kuwaka upya, na hapo hurudi dukani kununua nyingine. Aliyezitumia kwa muda mrefu amwone mhudumu wa afya kabla ya kuacha, ili aelekezwe jinsi ya kupunguza.

Lebo haisemi yote

Yote yaliyoelezwa hapa yanategemea orodha kuwa ya kweli. Anayetia zebaki kwenye krimu kwa siri hataiandika, na hakuna macho wala pua inayoweza kuitambua. Kupimwa kwa maabara ndiyo njia pekee. Kwa hiyo krimu isiyo na orodha kabisa, isiyo na jina na anwani ya mtengenezaji, au iliyohamishiwa kwenye kopo lisilo lake, haifai kununuliwa hata kama muuzaji anajulikana. Vivyo hivyo krimu inayoahidi kubadilisha rangi ya ngozi ndani ya siku chache.

Bidhaa iliyotengenezwa nchini inatakiwa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa, KEBS, pamoja na nambari ya kibali chini ya alama hiyo. Mnunuzi anaweza kuithibitisha kwa simu yoyote. Anaandika ujumbe mfupi wa herufi SM, alama ya reli na nambari ya kibali bila kuacha nafasi, kisha anautuma kwa 20023, hivi:

```
SM#nambari ya kibali
```

Jibu likitaja bidhaa tofauti na ile iliyo mkononi, alama hiyo ni ya kughushi. Bidhaa zinazotoka nje huwa na kibandiko cha KEBS cha bidhaa za kuagizwa.

Mkazi aliyegundua jina lililopigwa marufuku kwenye krimu aliyokwisha kuitumia aache kuipaka, anawe mikono, na aifunge krimu hiyo na kopo lake ndani ya mfuko wa plastiki. Asiichome moto, kwa sababu zebaki ikipata joto hugeuka mvuke, na asiitupe chooni wala kwenye mtaro. Aipeleke kwa afisa wa afya ya umma wa wodi yake na kueleza aliinunua wapi. KEBS nayo hupokea malalamishi bila malipo kupitia nambari 1545. Mama mjamzito, anayenyonyesha, au mwenye mtoto mchanga nyumbani aende pia kituo cha afya, na awaambie wahudumu jina lililo kwenye lebo.

Mimea ya nyumbani kwa majina yake ya lebo

Cocos Nucifera: nazi
Sesamum Indicum: ufuta, yaani simsim
Ricinus Communis: mbarika, au mbono
Persea Gratissima: parachichi
Helianthus Annuus: alizeti
Aloe Barbadensis: mshubiri
Melia Azadirachta: mwarubaini
Eugenia Caryophyllus: karafuu
Elaeis Guineensis: mchikichi, unaotoa mawese

Mmea ulioonyeshwa mbele ya chupa utafutwe nyuma kwa jina hili. Ukiwa miongoni mwa majina matatu au manne ya mwanzo, umo kwa kiasi cha maana. Ukiwa baada ya Phenoxyethanol, haujazi kijiko.